Kadi ya Manitoba, Anwani ya Yuma

Verna Kostyniuk ana miaka sitini na tatu, na kama kuna mtu katika ofisi yetu hapa Winnipeg, mkoani Manitoba, Kanada, asiyestahili kuitwa katili, ni yeye. Nayasema haya mapema kwa sababu hasira bado ninayo. Mkinisikia napandisha sauti, nivumilieni.

Mimi naitwa Rhonda Chartrand. Meza yangu inapakana na yake, mwaka wa sita huu. Kampuni yetu inauza kwa mtandao vifaa vya watu wenye shida ya kupumua: barakoa, mashine za kusaidia kupumua usingizini, mashine za oksijeni za kubeba begani na betri zake. Sisi wawili hatuuzi kitu. Tunatazama oda ambazo kompyuta imezitilia shaka, tunaamua kama anayenunua ni mwenye kadi kweli au ni mwizi aliyeiba namba ya kadi ya mtu. Kwenye skrini kuna vitufe viwili, cha kijani cha kupitisha na chekundu cha kukataa. Cha kusema "sijui" hakuna.

Kabla ya hapa, Verna alikaa dirishani miaka ishirini na mbili kwenye chama cha akiba na mikopo kule Dauphin, mpaka tawi likafungwa. Alijua watu kwa sura, kwa mwandiko, kwa namna mtu anavyovua glavu kabla ya kutia sahihi. Tabia hiyo akaja nayo huku. Oda ikimtatiza, anapiga simu: "Habari za huko Brandon? Baridi imeshawafikia? Hivi ule uwanja wenu wa barafu, paa bado linavuja?" Mwizi aliyeko upande wa pili wa dunia atasema ndiyo, linavuja sana, pole yetu. Mwenyeji atakuja juu: "Linavuja? Nani kakwambia? Tulilijenga wenyewe lile!" Basi Verna anacheka, anaomba radhi, anabonyeza kijani. Nilikuwa nikimsikiliza mpaka machozi yananitoka kwa kicheko.

Sasa niwaeleze kengele yenyewe. Tarakimu za mwanzo za kadi husema ni benki gani imeitoa, na benki husema nchi. Na mtu akiingia intaneti huwa na anwani ya mtandao, ambayo kwa kukisia hukuambia yuko nchi gani, pengine hata mji gani. Kadi ikisema Kanada na anwani ikasema Kanada, shwari. Kadi ikisema Kanada na anwani ikasema kwingine, kengele inalia. Si ujinga moja kwa moja, lazima niseme haki. Wezi wengi wanatumia kadi za nchi ambazo hawajawahi kuzikanyaga. Lakini watu wanasafiri, jamani! Na wa kwetu Manitoba ndio usiseme. Ikifika Novemba wazee wenye nafasi wanamwaga maji ya mabomba yasigande, wanafunga nyumba, wanashuka Arizona, Texas na Florida hadi Aprili. Kadi za Kanada, anwani za Marekani, miezi mitano mfululizo. Na wengi wao ndio wenye mapafu mabovu. Yaani wateja wetu hasa ndio wanaofanana na wezi wetu.

Septemba tuliletewa mkuu mpya kutoka Toronto, Brock Desrosiers, kijana wa miaka thelathini na minne, viatu vyeupe pee. Jambo lake la kwanza lilikuwa kuipa ile kengele nguvu zaidi. Kila oda hupewa alama za shaka. Ikizidi arobaini inaletwa kwetu, ikizidi sabini mashine inaikataa yenyewe bila mtu kuiona. Zamani tofauti ya nchi ilikuwa na alama ishirini. Brock akaifanya arobaini na tano. Verna akaenda kumwona, nami nikamfuata kwa umbea.

"Bosi, hao ni wazee wanaokimbia baridi," Verna alimwambia.

"Mama Verna, kompyuta haijui uzee. Oda za nchi mbili zina wizi mara sita kuliko hizi nyingine."

"Mara sita ndiyo ngapi?"

"Tatu katika mia."

"Kwa hiyo tisini na saba ni watu wema."

"Na watatu ni wezi," Brock akasema, tena kwa upole, si mtu wa matusi. "Wale watatu wakipita, hasara inaletwa kwangu ikiwa na namba. Wewe una namba ya hao wema wako?"

Hakuwa nayo. Atakuwa nayo wapi? Mwizi akipita, mwenye kadi anakana, benki inatunyang'anya fedha, na karatasi inarudi ikiwa na jina la aliyebonyeza kijani. Mtu mwema akikataliwa hakirudi kitu. Anakwenda zake, anatutukania huko huko aliko. Na katika ripoti ya kila mwezi, kila oda iliyokataliwa inaandikwa "wizi uliozuiwa". Kila moja! Hakuna anayeuliza kama alikuwa mwizi. Ukikataa watu mia unaonekana umekamata wezi mia, unapigiwa makofi. Nimekaa kwenye vikao hivyo nikapiga makofi na mimi, Mungu anisamehe.

Karatasi kama hiyo Verna alishaletewa, mwezi huo huo wa Septemba. Kadi ilikuwa ya Winnipeg, anwani ya mtandao ya Winnipeg, kila kitu kimekaa sawa. Kumbe mwizi alikodi njia. Siku hizi wapo wanaouza hiyo huduma: mtandao wako unapitishwa kwenye kompyuta ya nyumba ya mtu mwingine, unaonekana uko sebuleni kwake. Mwizi mwenye akili anajifanya jirani yako, na mzee wa watu asiye na hila anaonekana ametokea kusikojulikana. Karatasi iliporudi, Brock alipiga marufuku simu za Verna. Zinachukua dakika kumi na moja, akasema, na shabaha ni dakika nne kwa oda. Nyongeza yake: karatasi mbili zaidi, anapewa barua ya onyo.

"Imebaki miezi kumi na minne nistaafu, Rhonda," Verna aliniambia jikoni, ameshika bakuli lake la pirogi, vile viandazi vya viazi, bila kula. "Mume wangu Lloyd mgongo umekwisha, hafanyi kazi. Nikimwaga unga sasa hivi, nani ataniajiri na miwani hii?"

Tangu hapo akawa anabonyeza nyekundu kama sisi wengine. Nilimwona anavyobonyeza, haraka, kama mtu anayegusa sufuria ya moto.

Haya. Jumatano moja ya Desemba, kama saa nne asubuhi, ikamwangukia oda ya betri moja ya mashine ya oksijeni. Alinigeuzia skrini, maana ilikuwa inatisha hata kuiangalia. Kadi ya Manitoba. Anwani ya mtandao, Yuma, Arizona. Mteja mpya, barua pepe imefunguliwa juzi. Mzigo upelekwe Yuma, si nyumbani kwa mwenye kadi. Na chini yake historia: Jumatatu kadi hiyo hiyo imejaribu kununua betri mbili, ikakataliwa na mashine. Jumanne imejaribu tena kutoka kompyuta nyingine, safari hii anwani inasema Los Angeles, ikakataliwa. Leo imerudi Yuma inaomba betri moja, bei ndogo imeishusha chini ya sabini, ndiyo maana ikaletwa kwetu.

"Anapunguza bei aone kama itapita," nikasema. Hiyo ndiyo tabia ya mwizi, tumefundishwa: akikwama kwenye kubwa anajaribu ndogo.

"Na anahama miji," Verna akasema.

Alitazama simu yake ya mezani. Alitazama saa ya skrini, dakika ya tatu inakatika. Akabonyeza nyekundu. Na kwa kuwa ilikuwa mara ya tatu, kompyuta ikamuuliza kama iiweke kadi hiyo na anwani ya mzigo kwenye orodha ya waliofungiwa. Akabonyeza ndiyo. Mimi nilikuwa pale pale na sikusema neno.

Saa saba na dakika arobaini mchana, simu ikahamishiwa kwetu kutoka huduma kwa wateja. Yule msichana wa huko alisema kwa sauti ya kuchoka, "Huyu mzee nimeshindwa naye, mchukueni." Verna akapokea, akaweka sauti nje ili mikono ibaki kwenye kibodi.

"Naitwa Orville Thorsteinson, wa Arborg," mzee akafoka. "Nataka kuongea na mtu, siyo mashine. Wewe ni mtu?"

"Ni mtu, mzee wangu. Arborg hiyo yenye uwanja wa barafu wenye paa linalovuja?"

"Paa la Arborg halivuji, mama. Shemeji yangu aliliezeka mwenyewe mwaka wa themanini na mbili, akavunjika mguu. Sasa tuongee habari za paa au za betri?"

Nusu dakika haikuisha! Verna alifumba macho, na mimi nikajua amejua. Mzee akaeleza. Yeye na mkewe, Thora, wapo kwenye kambi ya nyumba za magurudumu huko Yuma tangu Novemba, mwaka wa tisa wanakwenda. Thora ana mapafu mabovu, hapandi ndege bila mashine yake ya begani, na shirika la ndege linadai betri zitoshe safari nzima na nusu yake tena juu. Betri zake mbili zimekufa. Dada yake Thora, Lilja, amelazwa hospitali ya Gimli, madaktari wamesema ni siku chache. Hawana watoto, wana Lilja tu. Ndege yao ni Jumamosi alfajiri kutoka Phoenix. Kwenda kwa gari siku tatu kwenye barafu, na yeye ana miaka sabini na tisa, hawezi.

"Maduka ya hapa hayana za aina yake," alisema. "Nikaagiza kwenu Jumatatu, nikasahau neno la siri la zamani, nikafungua barua pepe mpya. Mkanikataa. Nikapiga benki, benki wakasema sisi tumekubali, hao wa dukani ndio wamekataa. Nikapiga dukani, mkasema piga benki. Mnanipiga danadana! Barua yenu ikasema nijaribu kompyuta nyingine. Nikatumia ya jirani, anayo ile intaneti ya dishi. Mkanikataa. Nikasema labda betri mbili ni nyingi, niombe moja kwanza. Mkanikataa! Nimekosa nini, mama?"

Hebu fikirieni. Neno la siri lililosahauliwa, kwetu ni mteja mpya. Dishi la jirani, ambalo mtandao wake unatokea Los Angeles, kwetu ni mwizi anayehama. Unyenyekevu wa kuomba moja badala ya mbili, kwetu ni ujanja. Kila alilofanya kwa kutii lilimzidishia shaka. Nilihisi damu inanichemka, na sikujua nimchemkie nani.

Verna akasogea karibu na simu. "Usikate simu, mzee wangu," alisema. Betri za namna hii haziruhusiwi kwenye ndege ya mizigo hivi hivi. Zinatoka bohari yetu ya Reno kwa lori, siku mbili. Lori linaondoka saa tisa alasiri kwa saa zetu. Likiondoka nazo leo, Ijumaa ziko Yuma. Likiondoka bila hizo, ni Jumatatu.

Akakimbilia kwa Brock. Brock alikuwa kwenye kikao cha video, mlango umefungwa. Verna akasimama nje ya kioo akimpungia mkono kama anayesimamisha gari. Brock akainua kidole: subiri. Akasubiri dakika ishirini na mbili. Nilizihesabu, maana mimi ndiye nilikuwa namtuliza mzee kwenye simu, nikimuuliza habari za hali ya hewa kama mjinga.

"Huyu ni mtu mwema, nimeongea naye," Verna alisema mlango ulipofunguka. "Nipitishie."

"Oda iliyokataliwa haifufuki, Mama Verna. Aagize upya, mfumo utaamua."

"Mfumo utaamua vile vile! Kadi iko Kanada, yeye yuko Yuma. Unataka afanye nini, aihamishe Yuma?"

"Basi mwondoe kwenye orodha kwa kuandika maombi Toronto. Wanajibu kwa siku mbili za kazi."

"Kwa siku mbili dada wa mkewe atakuwa amekufa."

Brock akapangusa uso. "Samahani sana. Nikianza kufungua kwa sababu mtu ana sauti nzuri... wewe mwenyewe unajua Septemba ilivyokuwa. Na tafadhali usimfundishe namna ya kuupita mfumo. Kwa hilo unaweza kufukuzwa, na sheria hiyo siyo mimi niliyeiandika."

Verna alirudi, akachukua koti, akaniambia, "Mpe namba yangu ya mkononi," akatoka nje kwenye maegesho, baridi ya nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Nikamfuata. Sikuvaa kofia, masikio yalikufa ganzi.

"Mzee wangu, nisikilize," alisema simu ilipoita. "Zima waifai ya kambi. Kwenye simu yako, zima kabisa. Tumia mtandao wa simu yenyewe, ile laini yako ya Manitoba."

"Watanikamua ada ya ng'ambo."

"Wakukamue. Laini yako ikiwa ugenini, data yake inarudishwa kwanza Kanada ndipo inatoka kwenye intaneti. Utaonekana uko nyumbani."

"Ala! Kwa hiyo mnataka niseme uongo niko nyumbani?"

"Ndiyo," Verna akasema. "Ndiyo, mzee wangu. Agiza."

Tukasubiri. Pua inaniganda. Mzee alikuwa anatamka kila herufi anayoiandika. Akasema, "Imekataa." Kadi imefungiwa. Verna alijua imefungiwa, alisahau kwa kihoro, na aliyeifungia ni yeye. "Mama Thora ana kadi yake mwenyewe?" Anayo, iko kwenye mkoba, mkoba uko kwenye gari. Mzee akaenda. Tukasikia mlango, tukasikia pumzi za mama nyuma, fupi fupi, na mashine yake ya oksijeni ya mezani ikivuma. Akarudi. Akaandika upya. Saa nane na dakika arobaini na tisa.

"Imekataa tena, binti yangu."

"Anwani ya mzigo," nikamwambia Verna. "Uliifungia na anwani."

"Weka ya jirani yako," Verna akasema.

"Hapa wote tuna anwani moja. Kambi nzima. Namba ya kiwanja tu ndiyo tofauti."

Maana yake Verna alikuwa amefungia wazee mia tatu kwa kidole kimoja. Nilimwona anaelewa. Alijiegemeza kwenye gari la mtu.

"Kanisa," akasema. "Mnasali wapi?"

Walutheri, mtaa wa nne, lakini namba ya jengo mzee haijui. Akatafuta miwani. Akatafuta karatasi ya matangazo ya Jumapili. Thora akawa anamwambia iko chini ya redio, kwa sauti hiyo isiyo na upepo, na yeye anamwambia sio, nimeshaangalia, na ilikuwa chini ya redio. Verna hakumharakisha. Alisema tu, "Vizuri, mzee wangu. Sasa namba. Sasa mtaa."

Ikapita. Tuliporudi ndani niliiona kwenye orodha ya zilizopita bila kuguswa: alama kumi na mbili, kijani kibichi, hata kwetu haikuletwa. Kadi isiyo yake, mahali asipokuwepo, mzigo kwenye nyumba isiyo yake. Alipokuwa mkweli aliitwa mwizi mara tatu. Alipofanya kila kitu kama mwizi, mfumo ulimkaribisha kwa mikono miwili.

Saa iliyoandikwa kwenye oda ilikuwa saa tisa na dakika kumi na moja. Verna alipiga simu Reno mwenyewe. Lori lilikuwa limeondoka saa tisa kamili. Yule wa bohari alisema wanajitahidi liondoke kwa wakati, akiona ni sifa.

Betri zilifika kanisani Jumatatu mchana. Lilja alifariki Jumapili asubuhi, Gimli, muuguzi akiwa amemshikia simu sikioni. Mzee alipiga kutuambia, wala hakuwa anafoka tena.

Alhamisi ya wiki hiyo kilikuwa kikao cha mwezi. Brock akaonyesha mchoro, mstari umepanda. Wizi uliozuiwa umeongezeka kwa theluthi. Watu wakaanza kupiga makofi, na Verna akainua mkono.

"Thorsteinson yumo humo?" akauliza.

Brock aliangalia, namshukuru kwa hilo. "Yumo. Mara tano, pamoja na kadi ya mkewe."

"Mtoe. Siyo mwizi."

"Mama Verna, hakuna pa kumwandika. Kuna waliopita na wezi. Hakuna safu nyingine."

"Basi tengeneza safu!" nikapayuka mimi, nimesimama bila kujua nimesimama. "Miezi mitatu unatuonyesha wezi, tuonyeshe hata mmoja! Mmoja tu, uliyempigia simu ukahakikisha!" Brock akasema ataliangalia, na akageuza ukurasa. Jioni hiyo Verna akapewa barua ya onyo. Simu ya mwanzo ya mzee ilirekodiwa, yale ya maegesho hayakurekodiwa, lakini Verna aliulizwa kama alimfundisha mteja akasema ndiyo. Akirudia, anafukuzwa. Nami nilipewa maneno makali ya mdomo, ambayo nilikuwa nimeyategemea.

Jumanne iliyofuata mzee alipiga tena. Alimtaka "yule mama wa paa". Verna akaweka sauti nje, kwa mazoea.

"Thora anataka nikushukuru," alisema. "Tumezika kwa video, basi ndiyo hivyo. Lakini kati ya wote niliopiga simu wiki ile, wewe ndiye pekee uliyehangaika. Nimemwambia Thora, laiti ile ya Jumatano asubuhi ingemwangukia huyu mama badala ya ile mashine yao ya kipumbavu, tungeondoka."

Nilimtikisia Verna kichwa. Nilitikisa sana. Angenyamaza tu, nani angejua? Mzee angebaki na mashine ya kuilaumu, na mashine haiumwi.

"Ya Jumatano haikuwa mashine," Verna akasema. "Mbili za kwanza ndiyo. Ya Jumatano iliniangukia mimi. Mimi ndiye niliyekukataa, mzee wangu, na nikafungia kambi yenu."

Tulisikia ile mashine ya mezani ikivuma nyuma ya mzee, kisha sauti ya Thora ikiuliza jambo, na mzee akimjibu kwa mkono juu ya simu. Akarudi.

"Thora anauliza," alisema polepole, "uliona nini kwetu?"

Verna alifungua mdomo. Nilidhani atamweleza habari za alama, na tarakimu za kadi, na dishi la jirani. Angeweza, anayajua kuliko Brock.

"Sikuwaona nyinyi," akasema. "Niliona mahali mlipo."

Mzee alivuta pumzi, akasema, "Haya," akakata simu. Verna alibaki ameiangalia ile simu, na kwenye skrini yake oda inayofuata ilikuwa imeshafunguka, dakika zinahesabika.